Walitudai kazi ambayo haikufanyika: uzoefu wangu na muuza sola wa Bukavu

Shule yetu iko Ibanda, hapa Bukavu. Tuliagiza paneli za sola, betri, na kazi ya kuvuta waya katika majengo mawili. Vifaa vilifika vizima, na jengo la kwanza linawaka vizuri mpaka leo. Jengo la pili mafundi hawakuligusa. Faktire ikaja na vyote, mstari wa nne ukisema: «Kuvuta waya, jengo B, dola 850». Ukiongeza TVA ya 16%, ni dola 986 za kazi isiyokuwapo. Iliniuma sana, maana hiyo ni pesa ya wazazi.

Aliyetuuzia aliniambia kwa simu, «Usijali, mama, tutarekebisha.» Hakurekebisha kitu. Faktire ikishaingia katika vitabu vya idara ya hesabu, deni linabaki deni mpaka wao watoe avwari, ile karatasi ya kupunguza faktire iliyokwisha kutoka. Badala yake tukaletewa barua ya kudaiwa jumla yote.

Hapo nikaandikia idara ya hesabu yenyewe:

«Tunapinga mstari wa 4 wa faktire yenu: dola 850 bila TVA, dola 986 pamoja na TVA. Kazi hiyo imo katika oda yetu lakini haikufanyika, wala hakuna hati ya kupokea kazi iliyosainiwa. Mistari 1 hadi 3 tunaikubali na tunailipa leo. Tunaomba avwari ya dola 986, na msimamishe kudai kiasi hicho.»

Kwenye karatasi ya benki niliandika namba ya faktire na mistari tuliyolipia, ili wasiihesabu kuwa kipande tu cha deni lote. Sikuandika popote «tutamalizia baadaye», kwani hayo yangesomwa kama kukiri deni. Barua ilikwenda nakala mbili, moja ikarudi na muhuri wao na tarehe.

Wakajibu kwa karatasi ya mzigo yenye saini ya mlinzi wetu. Niliisoma polepole: roli 3 za waya, boksi 1 la swichi. Basi. Ilionyesha kuwa mzigo uliingia getini, na waya ule tulikuwa tumeshaulipia kwenye mstari wa 3. Nikawatumia picha za roli hizo zikiwa bado ndani ya plastiki, na dari ya jengo B isiyo na tundu hata moja.

Mhasibu wao alipiga simu, mama mwenye heshima, akauliza nani alisaini kupokea kazi. Hakuna. Avwari ikatoka, lakini ya 850. Nikairudisha, kwa sababu dola 136 za TVA zingeendelea kusomeka kama deni letu. Ya pili ilikuwa sahihi.

Vifaa vyao nitanunua tena. Ila kazi ya ufundi, oda yetu mpya inasema hailipwi kabla mkurugenzi hajasaini hati ya kupokea, jengo kwa jengo.