Vale na kofia za paa la mikato mingi: kipi ununue kwanza

Paa likiwa na mikato mingi, bati zenyewe mara nyingi hazina shida, maji yanaingilia kwenye vale, yani pale miteremko miwili inapokutana ikafanya mfereji. Nimepanga vitu kuanzia cha kununua kwanza mpaka cha kuacha dukani.

Namba moja ni mfereji wa vale wa bati bapa, ile pleni shiti, geji 28 au 26 kama hela inaruhusu, upana sm 60. Kagua kingo zake, kila upande uwe umekunjwa juu kurudi ndani kama sm 2. Maana maji hapa yanatambaa, bati la paa likilalia mfereji yanavutwa katikati yao, upepo nao unasukuma, ila yakifika kwenye lile kunjo yanarudi mferejini. Bila kunjo yanapita moja kwa moja mpaka kwenye mbao, na ndo unakuta doa la mshazari kwenye siling bodi linafuata mstari wa vale.

Tuseme vale yako ina mita 5. Pleni shiti ya mita 1.2 kwa 2.4 ukipasua kwa urefu unapata vipande viwili, vikipandana sm 30 unahitaji vitatu, kwahiyo nunua shiti mbili. Fundi aanze chini, kipande cha juu kilalie cha chini, bati za paa ziingie mferejini kama sm 18 kila upande katikati pabaki wazi, na asipige msumari wala skrubu katikati hata mmoja.

Namba mbili ni kofia za migongo ya paa, zifunike angalau sm 15 kila upande, pamoja na sponji ya chini yake. Hapa wengi wanauziwa sponji iliyokatwa umbo la bati, hiyo inakaa vizuri kofia ya juu kabisa tu, kwenye mgongo wa mshazari bati limekatwa kwa pembe, mawimbi yake yanakuwa yameachana zaidi, haiingii, chukua sponji laini ya kubonyea.

Tatu ni tepu ya lami yenye foili, nzuri kwa kuziba maungio ya paa la zamani, ila bati liwe safi na kavu kabisa la sivyo inabanduka.

Silikoni iwe ya mwisho, na ile inayonuka siki iache, inakula zinki. Usikubali pia fundi aijaze kwenye ukingo wote wa bati na mfereji, majani yakiziba chini maji yanapanda na hayana pa kutokea. Saruji juu ya kofia usinunue kabisa, bati linatanuka na jua, saruji inapasuka.

Kabla hujamlipa fundi, mwagia maji kwa mpira kuanzia chini ya vale ukipanda taratibu, mtu akiwa darini na tochi, ukianzia juu hutajua yanaingilia wapi.