Uzoefu wangu: GAP kwa permutesheni zilizotoka kwenye picha ya kitabu

GAP ni programu ya bure ya aljebra dhahania. Huwa naitumia kukagua majibu ya maswali yaliyopigwa picha kitabuni, na kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano. Hesabu zake ni za kuaminika. Nyota ya tano imepotea kwa sababu programu inazidisha kwa mwelekeo ulio kinyume na ule wa vitabu vingi, na jibu la kinyume halitoi dalili yoyote kwamba kuna kitu kimeharibika.

Chukua swali hili la S₇: σ = (1 3 5 2)(4 6) na τ = (1 5 7). Tafuta στ, oda yake, na useme kama ni shufwa au witiri. Kitabu kikisoma kutoka kulia kwenda kushoto, τ ndiyo inaanza kazi. Kwa hiyo 1 inakwenda 5 kwa τ, kisha σ inaipeleka 5 kwenye 2. Halafu 2 haiguswi na τ, na σ inairudisha 1, basi mzunguko wa kwanza umefunga: (1 2). Ukiendelea na 3, kisha 4, unapata (1 2)(3 5 7)(4 6).

GAP huanza na permutesheni ya kushoto. Ukiandika `s*t` itakupa (1,3,7)(2,5)(4,6), ambayo ni τσ ya kitabu. Hapa ndipo watu wanaponaswa: στ na τσ daima zina mizunguko ya urefu ule ule, hivyo oda na ushufwa vinalingana kabisa. Ukikagua hivyo viwili tu, utaridhika na jibu lisilo sahihi. Kinachofichua kosa ni kufuata namba moja: kwenye στ, 1 lazima iende 2, ikienda 3, umegeuza. Dawa yake ni kuandika `t*s`:

```
s := (1,3,5,2)(4,6);
t := (1,5,7);
t*s;
1^(t*s);
Order(t*s);
SignPerm(t*s);
LargestMovedPoint(s);
```

Majibu baada ya `s` na `t` ni (1,2)(3,5,7)(4,6), halafu 2, 6, 1 na 6. Oda ni 6 kwa kuwa kigawe kidogo cha shirika cha 2, 3 na 2 ni 6. Usithubutu kukitafuta kwa mizunguko ya swali lenyewe: 4, 2 na 3 vingekupa 12, kwa sababu mizunguko hiyo inashirikiana namba 1 na 5. Kanuni hiyo inafanya kazi baada ya kutenganisha mizunguko, si kabla. `SignPerm` ikitoa 1 ni shufwa, ikitoa -1 ni witiri. Oda ya 6 isikuchanganye; hapa kuna mizunguko miwili ya urefu shufwa, kila mmoja ni witiri, na viwili hivyo vinafutana.

Sasa picha. App ya kusoma maandishi niliyoijaribu, ambayo sitaitaja jina, hudondosha nafasi kati ya namba. `(1 5 7)` ikiwa `(157)`, GAP inaiona kuwa namba 157 ndani ya mabano, si mzunguko. Koma uziweke mwenyewe. Namba ikijirudia ndani ya mzunguko, mathalani 7 ikisomwa 1, GAP inakataa papo hapo, na hilo nalipenda sana. Ila kwa sababu hiyo hiyo, kitabu kikiandika (1 2)(2 3) kama zao, lazima uweke `*` katikati.

Makosa mawili hupita kimya. La kwanza ni 6 kusomwa 8: oda na ushufwa havibadiliki, lakini `LargestMovedPoint` inakwambia 8 wakati swali ni la S₇. La pili ni baya zaidi, nalo ni mabano `)(` kupotea, hivyo σ inageuka (1 3 5 2 4 6). Kuunganisha mizunguko miwili namna hii hugeuza shufwa kuwa witiri kila mara, na kwa mfano wetu στ inakuwa (1 2 4 6)(3 5 7), witiri ya oda 12. GAP haiwezi kulijua hili, maana ilichopewa ni permutesheni halali. Hesabu mabano kwenye picha kabla ya kubonyeza Enter, hasa pale ukurasa unapokunjika karibu na mshono wa kitabu.

Anayetaka hatua za kuzidisha hatazipata hapa, kwani GAP inatoa jibu tu. Na kama kitabu chako kinasoma kutoka kushoto, acha `s*t` kama ilivyo.