Dawa ya kuzuia ukungu kwenye miwani: nilitaka kuipa nyota moja

Nilikuwa nimeshaamua kuipa dawa hii nyota moja. Sasa naandika na uamuzi umeyumba, lakini yule dada wa kaunta aliyeniuzia simpi hata nusu.

Mimi napika kwenye shughuli, na siku za kazi nasimamia jiko la kantini ambako barakoa haivuliwi. Mvaa miwani mwenzangu anajua ninachosema. Ukifunua sufuria la pilau mvuke unakuvaa usoni, lenzi zinakuwa nyeupe pe, unabaki umesimama na mfuniko mkononi. Ukiwa na barakoa husubiri hata sufuria, pumzi yako mwenyewe inapenya pembeni ya pua na kupanda. Siku moja nilimimina mafuta ya moto nje ya karai kwa sababu ukingo sikuuona. Yalipita hapa, karibu na mguu. Ndiyo maana nilipobadilisha miwani, miezi kadhaa nyuma, nikachukua na kichupa cha dawa ya kupuliza, shilingi 15,000. Miwani yenyewe ni ya lenzi za plastiki za antiglea, zile zinazotoa mng'ao wa kijani.

Nikapuliza, nikapangusa kwa kitambaa chake, nikaingia jikoni. Ukungu haukuja vile nilivyouzoea, lakini maji yalijikusanya matone matone kama juu ya jani la gimbi. Sikuona vizuri zaidi ya mwanzo.

Nikarudi dukani. Yule dada hakuinua macho kwenye simu. "Mama, dawa haina shida, wateja wote wanaisifia. Hayo ni mafuta ya jikoni kwako. Paka dawa ya meno kidogo, sugua, suuza, itashika." Nikamwamini, kwa sababu alikuwa amesimama ndani ya duka la miwani, nyuma yake ukuta mzima wa fremu. Ningeambiwa na jirani ningeuliza mara mbili.

Na dawa ya meno ilifanya kazi! Hapo ndipo ilipo hatari yake. Ndani yake mna kitu cha kutoa povu, kama sabuni, na kinachobaki kwenye lenzi kinazuia ukungu kwa saa chache. Nikasugua tena kesho yake, na keshokutwa. Wiki haijaisha nikaanza kuona duara la nuru kuzunguka kila taa ya gari usiku.

Nikaisogeza miwani chini ya tyubulaiti na kuiinamisha taratibu. Pembeni mwa lenzi taa iliakisiwa kwa rangi ya kijani kama zamani. Katikati, pale kidole changu kilipozunguka, kijani kimetoka, taa inaonekana nyeupe, na kuna mikwaruzo myembamba ya mviringo inayofuata njia ya kidole. Nilikaa chini. Ile miwani nilikuwa nimeilipa kwa awamu.

Dukani nikajibiwa: "Hilo ni joto la jiko, mama. Waranti haifiki huko." Hakuitazama. Hakuishika! Na maneno ya dawa ya meno akayakana mbele ya wateja wawili, kana kwamba mimi ndiye niliyeyatunga njiani.

Nikaipeleka kwa mtaalamu wa macho mahali pengine, mzee mmoja mpole, akaiweka chini ya lenzi ya kukuzia na kunipa nitazame mwenyewe. Alinieleza kwamba antiglea ni matabaka membamba mno yaliyopakwa juu ya plastiki, yote kwa pamoja hayafiki unene wa unywele. Dawa ya meno ina chembe ngumu za kung'arisha meno, na jino ni gumu kuliko plastiki ya lenzi kwa mbali. Magadi ya kuokea, ambayo watu husugulia miwani, yanakwaruza vilevile. Siki, dawa ya vioo yenye amonia, dawa ya kutolea rangi ya kucha, hizo hazikwaruzi ila zinashambulia matabaka au plastiki yenyewe.

Lakini akanionyesha pia kona ya chini ya lenzi ya kulia. Pale palikuwa na nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Hizo ndizo za joto: plastiki ikipata moto inatanuka kuliko matabaka yaliyo juu yake, nayo yanapasuka. Huwa nainama kwenye mlango wa oveni kuangalia kuku. Kwa hiyo yule dada, kwa kona ile moja, alisema kweli. Nimeliandika hilo kwa sababu ni haki kuliandika. Halimsafishi. Utando wa buibui na mviringo wa kidole ni vitu viwili, na angevitofautisha kwa dakika moja kama angeipokea miwani mkononi.

Sasa kuhusu dawa yenyewe. Mzee alinieleza kwamba lenzi nyingi za antiglea juu kabisa zina tabaka la kufukuza maji na mafuta ili zisafishike kirahisi. Dawa ya ukungu inafanya kinyume: inataka maji yatandazike yawe utando mmoja mwembamba unaopitisha mwanga, badala ya kukaa vitone vinavyoutawanya. Tabaka linafukuza, dawa inavuta, ndiyo maana nilipata yale matone. Nilipofika nyumbani nikatoa miwani ya zamani, lenzi tupu zisizo na antiglea, nikaiosha mafuta, ikakauka, nikapuliza dawa ileile. Nilipika nayo biriani ya mchana mzima. Nikafunua, nikafunika, nikafunua. Niliona kila punje! Dawa ni nzuri, basi. Nyota tatu, pengine nne. Aliyeniuzia alijua lenzi gani ameniuzia dakika tano kabla, na hakusema neno.

Kwa sasa kichupa nakihifadhia miwani ile, na kwenye hii ya antiglea natumia sabuni ya maji ya vyombo, ile ya kawaida isiyo na losheni. Madaktari wa upasuaji wa Uingereza waliandika njia hii kwenye jarida lao mwaka 2011, kwa sababu nao wanashinda na barakoa. Nasuuza lenzi kwanza kwa maji yasiyo ya moto ili vumbi na unga vitoke, natia tone moja kila lenzi, nasambaza kwa ncha za vidole, nasuuza kidogo, nakung'uta, naacha ikauke yenyewe. Nikiifuta kwa kanga nimeondoa kile kinachosaidia, na kanga yenye unga inakwaruza. Kwenye antiglea inanifikisha sufuria la pili au la tatu, kisha naosha tena.

Barakoa ni habari nyingine. Nabana waya wa pua mpaka ulale, ukingo wa juu unakaa chini ya miwani, na siku ndefu naongeza kipande cha plasta ya hospitali juu ya pua. Hapo pumzi hainisumbui. Mvuke wa sufuria plasta haiuzuii, unatoka mbele.

Lenzi mpya nimeagiza kwa yule mzee, zenye kinga ya mikwaruzo tu, bila antiglea, za jikoni. Za usiku zitasubiri nimalize deni la hizi zilizoharibika, maana awamu mbili bado, na nazilipa pale pale kwenye kaunta ile, kwa dada yuleyule, ambaye mara ya mwisho alinipa risiti bila kuniangalia.