Viatu vya "ngozi ya matufaha": soli imedumu, ngozi imepasuka

Boksi lilieleza kwamba sehemu ya juu ni ngozi ya matufaha, bitana ni poliesta ya chupa zilizorejelewa, na soli ina mpira uliorejelewa. Nimevivaa kazini kwa zaidi ya mwaka, jua na mvua. Soli haijalika upande, na bitana haijatoboka hata kwenye kisigino, mahali ambapo viatu vyangu vingi huanza kuchoka. Kilichoshindwa ni kile kile kilichotangazwa kwa herufi kubwa.

Nyufa zilianzia pale kiatu kinapojikunja, nyuma kidogo ya vidole. Mwanzoni zilikuwa mistari myembamba, kisha ganda likabanduka na kitambaa cheupe kikaonekana chini yake. Ngozi ya aina hii hutengenezwa kwa makapi ya matufaha yaliyokwisha kukamuliwa: hukaushwa, husagwa kuwa unga, huchanganywa na poliurethani, ambayo ni plastiki, kisha hupakwa juu ya kitambaa. Kwa hiyo kinachobeba mikunjo ya kila hatua ni ile plastiki na kitambaa chake. Unga wa tunda hauongezi nguvu. Ngozi ya mnyama ni nyuzi zilizosukana unene wake wote, ndiyo maana ikikauka huipaka mafuta ikalainika. Hapa mafuta hubaki juu tu. Fundi alizipaka nyufa rangi, zikafunguka tena upesi.

Kuvitunza kabatini navyo si dawa, kwa sababu baadhi ya poliurethani huvunjwa polepole na unyevu wa hewa hata kiatu kisipovaliwa.

Boksi lilisema pia "asilimia 50 mimea". Nikamwandikia mtengenezaji kuuliza: asilimia 50 ya nini? Akajibu kwamba ni ya tabaka la juu peke yake, kitambaa hakimo kwenye hesabu. Swali hilo liulizwe kabla ya kulipa. Tazama pia ukingo uliokatwa, hasa kwenye ulimi wa kiatu: ukiona ganda jembamba lililolala juu ya kitambaa, ujue maisha ya kiatu ni maisha ya ganda hilo. Kwa viatu vinavyouzwa Umoja wa Ulaya kuna lebo ya michoro. Umbo la ngozi iliyotandazwa ni ngozi halisi, wavu ni kitambaa, na almasi ni "vitu vingine". Changu kina almasi, bila tufaha lolote.

Nilichokipenda kwa dhati ni mshono unaozunguka ukingo wa soli. Gundi pekee ingeachia kwa mvua nilizopita nazo, na soli iliyoshonwa fundi anaweza kuishona upya. Inauma kuona soli nzima chini ya ngozi iliyokufa.

Asiyetaka ngozi ya mnyama kabisa na anayevaa viatu mara chache ataridhika navyo. Anayetembea sana, namshauri achukue toleo lao la turubai lenye soli hiyo hiyo.