Kamba ya kuruka: ununue ipi, ya urefu gani, ili ugoko usiume

Kwa anayeanza kuruka kamba kwa ajili ya moyo na pumzi, chaguo langu la kwanza ni kamba ya plastiki nene ya milimita 5 hadi 6, inayopita ndani ya vishikio na kurekebishika urefu. Ina uzito wa kutosha kukufanya uhisi iko wapi inapozunguka, kwa hiyo unaruka kwa wakati wake. Ikitoka dukani imejikunja, iloweke kwenye maji ya moto kidogo, kisha uivute inyooke.

Ya pili ni ya shanga za plastiki. Hii ndiyo ninayompa mtu anayerukia uani kwenye saruji, maana haichakai upesi, na mlio wake chini unakupa mdundo. Ya tatu ni ya katani au pamba: ni ya bei rahisi, lakini nyepesi, hupoteza umbo hewani. Ya mwisho ni ya waya yenye beringi. Inakwenda kasi mno, na ikikukuta bado hujaruka inakuchapa miguuni. Iache mpaka uweze kuruka dakika 2 bila kujikwaa.

Aina ukiipatia, urefu ndio unaoamua kama miguu itauma. Kanyaga katikati ya kamba kwa mguu mmoja, uvute juu: ncha za vishikio zifike kwapani. Kamba nzima iwe karibu urefu wako ukiongeza sentimita 90. Wifi yangu ana sentimita 163, akanunua ya mita 3 akairuka hivyohivyo. Ilimlazimu kutanua mikono, kamba inakuja kwa kuchelewa, naye anaruka juu sana kuisubiri. Wiki ya pili ugoko ukaanza kumuuma kwa ndani. Tuliipunguza hadi sentimita 253, kwanza kwa kupiga fundo karibu na kishikio. Alipoizoea ndipo tukaikata, kwa sababu iliyokatwa fupi hairudi. Fupi nayo ina balaa lake: unakunja magoti juu na kutua kwa kishindo.

Ruka sentimita 2 au 3 tu, utue kwa mbele ya nyayo, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Anza na sekunde 30 za kuruka na 30 za kupumzika, mara 10, siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Vaa raba, na kama sakafu ni saruji au vigae, tandika mati ya mpira.

Vigimbi vikikaza siku ya pili, ni kawaida. Maumivu yaliyotanda kwenye ukingo wa ndani wa ugoko yanadai upumzike mpaka uweze kutembea na kurukaruka bila kuumia. Lakini yakikusanyika sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, au yakikuamsha usiku, huenda mfupa umeanza kupata ufa: acha kamba, nenda kwa daktari.