Mti wa Krismasi wa Kienyeji kwa Nyumba ya Dodoma: Mwanzi, Tawi Kavu au Kuti?

Krismasi hutukuta Dodoma wakati mvua za kwanza ndiyo kwanza zinaanza, mchana joto limepita nyuzi 30 na sebule iliyo chini ya mabati imekuwa tanuri. Jani lolote bichi utakaloingiza humo halitafika sikukuu likiwa na sura liliyokuja nayo. Ndiyo maana kabla ya kuuliza bei mimi huuliza kwanza: hiki ninachonunua kimeshakauka, au kitakuja kukaukia kwangu? Kilichokwisha kukauka hakibadiliki tena. Kwa kipimo hicho nimepanga hivi.

Nafasi ya kwanza: fremu ya mwanzi

Mwanzi ndio ninaoununua na ndio ninaomshauri kila mwenye nyumba anunue, kwa sababu unanunua mara moja na kuutumia miaka kadhaa. Ila uchague vizuri. Mwaka juzi muuzaji aliniambia, "Dada, huu mkavu kabisa, uko hapa tangu mwezi wa 9." Nikauinua, ukawa mzito. Nikaugonga kwa ufunguo, ukatoa mlio mfu kama ukuta wenye unyevu. Mwanzi mkavu ni mwepesi kuliko unavyoonekana, umegeuka rangi ya majani makavu ya mahindi, na ukigongwa unalia. Nikamwomba anipe mwingine.

Jambo la pili la kukagua ni bungua. Mwanzi una wanga ndani, na mdudu huyu anaupenda. Tazama kwenye ncha zilizokatwa na kuzunguka vifundo: ukiona vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini, au ukiupigapiga chini ukadondosha unga laini kama wa muhogo, uache hapo hapo. Ukiupeleka nyumbani, bungua watahamia kwenye mwanzi mwingine ulio nao.

Kwa mti wa sentimita 180, yaani futi 6, mianzi miwili ya mita 4 yenye unene wa sentimita 5 inatosha. Mwanzi wa kwanza ukate katikati, kisha kila kipande ukipasue sehemu nne kwa panga. Utapata fito 8. Unahitaji 6, mbili ni za akiba kwa sababu moja lazima itapasuka vibaya. Kata kila ufito uwe na sentimita 190, kwa kuwa unasimama kwa kuinama, hivyo lazima uwe mrefu kidogo kuliko mti wenyewe.

Mwanzi wa pili ni wa pete, na hapa ndipo wengi huharibu. Upasue mwembamba, upana wa vidole viwili hivi, ukwangue nyama ya ndani ubaki na upande wa ganda, halafu ulaze ndani ya maji usiku kucha. Asubuhi ukunje taratibu. Ukiukunja mkavu utakatika kwenye kifundo, kila mara. Pete ya chini iwe na kipenyo cha sentimita 90, ambayo inakula ukanda wa sentimita 283, na uongeze 20 za kupishanisha. Pete ya pili, ya kipenyo cha 60, ikae kimo cha sentimita 60 kutoka chini. Ya tatu, ya kipenyo cha 30, ikae kwenye 120. Weka alama kwenye pete ya chini kila baada ya sentimita 47, na hapo ndipo fito sita zitakapofungwa. Juu zikusanye pamoja uzifunge.

Funga kwa kamba ya katani, na fundo likae juu tu ya kifundo cha mwanzi ili kamba isiteleze. Baada ya wiki moja rudia kukaza zote. Pete ulizoloweka zitakuwa zimekauka na kusinyaa, na fremu iliyokuwa imara itakuwa inacheza. Nilipojenga ya kwanza sikulijua hilo, ikalala upande mbele ya wageni tukiwa mezani.

Upepo wa jioni ukiingia mlangoni utaiangusha fremu nyepesi namna hii, kwa hiyo weka ndani yake ndoo ya lita 10 iliyojaa kokoto, na kamba tatu kutoka kwenye mpini hadi pete ya chini. Kuivisha ni juu yako. Mimi nilikata kitenge cha kijani kuwa kanda nikazizungusha kutoka juu, na gharama yangu yote haikufika shilingi 20,000. Kitambaa ndicho kilichokula fedha nyingi kuliko mianzi.

Mwezi wa kwanza ikate kamba, fito zifunge kama mzigo wa kuni uzitundike darini. Ukizilaza sakafuni stoo, mchwa wa Dodoma hawatakuachia kitu.

Nafasi ya pili: tawi kavu

Hili ni la mwenye fedha kidogo au nafasi ndogo. Tawi moja lenye vitawi vingi, ndani ya ndoo ya mchanga uliolowana na kushindiliwa, linapendeza sana likipakwa chokaa. Mkwaju una vitawi vingi na vyembamba. Mgunga una miiba mirefu myeupe inayoshika mapambo bila uzi, lakini nyumba yenye mtoto anayetambaa isiingize mgunga.

Chukua tawi lililokwisha kuanguka au lililopogolewa. Mji huu umekuwa ukihangaika kupanda miti tangu kampeni ya Dodoma ya Kijani ya mwaka 2017, na kukata tawi bichi ili lipambe wiki mbili hakuna haki. Tena tawi bichi halina faida: niliwahi kuleta la mwarobaini, zuri, limejaa majani. Siku ya tatu majani yote yalikuwa kwenye mkeka. Jaribu kwa kuvunja kitawi cha pembeni. Kikilia "ta!" ni kikavu. Kikipinda, bado. Liache juani siku tatu kabla ya kuliingiza ndani, wadudu watoke.

Nafasi ya tatu: kuti na ukindu

Kuti bichi usinunue. Joto letu linalikunja kwa siku chache, linageuka kahawia na kuning'inia. Kama unapenda sura ya mnazi au mtende, nunua ukindu, ule wa kusukia mikeka, uliokwisha kukaushwa na kutiwa rangi ya kijani, uuzungushe kwenye fremu ya mwanzi. Nimeuweka nyuma ya tawi kwa sababu ya moto tu. Ukindu mkavu unashika moto haraka mno. Mishumaa isikaribie, taa ziwe za LED zisizopata joto, na uzizime kabla ya kulala.

Usichonunua: mnyaa

Kuna anayeutaka kwa sababu ukikatwa unabaki kijani siku nyingi bila maji, na uzio wake uko kila kijiji. Uache. Utomvu wake mweupe unaunguza ngozi, na ukiingia jichoni unaleta maumivu makali na unaweza kulitia upofu wa muda. Mtoto akivunja kijiti akajigusa, usimwache afikiche. Mwoshe jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.