Haidrojeni: juu ya maji au kwenye sirinji?

Ukikusanya haidrojeni juu ya maji, silinda huwa na gesi mbili: haidrojeni na mvuke. Sawazisha kwanza maji ya ndani na ya nje. Hapo jumla ya kanieneo ndani ni sawa na ya hewa, tuseme 760 mmHg. Kwenye 25°C mvuke huchukua 23.8, hivyo haidrojeni hubaki na 736.2. Usipotoa, utazidisha kiasi cha gesi kwa takribani 3%.

Sirinji yaonekana kukuepusha na hesabu hiyo. Wapi! Gesi hutoka kwenye asidi yenye maji, nayo hubeba mvuke wake, mpaka uipitishe kwenye kalisi kloridi kavu.

Darasani nachagua maji, mradi kipimajoto kizamishwe humo: kwenye 20°C mvuke ni 17.5 tu.